Kusoma Mchoro wa Pampu: Mfano wa Maji ya Kitandililo

Neno bomba, ambalo Waswahili walilipokea kutoka kwa Wareno, zamani lilikuwa na maana ya chombo cha kuvutia na kusukumia maji, na mtu aliyekitumia alisemwa kuwa apiga bomba. Siku hizi bomba ni mwanzi wa kupitishia maji, au hata mfereji wa kuchotea, na kazi ya kale ya neno hilo imechukuliwa na pampu, lililoingia kwa njia ya Kiingereza. Mabadiliko haya hayakumtaabisha mtu. Taabu imo katika neno jingine, la Kiswahili safi, linaloandamana na pampu kila mahali inapouzwa au kutengenezwa, nalo ni nguvu. Mnunuzi huuliza pampu yenye nguvu. Muuzaji humjibu kwa kumtajia hesabu ya farasi. Na fundi aitwaye baadaye, maji yanapopungua, husema kuwa pampu imeishiwa nguvu. Katika maneno hayo matatu mna mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kimo ambacho pampu yaweza kuyapandisha maji. La pili ni kiasi cha maji ipitishacho kwa saa moja. La tatu ni umeme inaokula ili kuifanya kazi hiyo. Karatasi moja tu huyatenga mambo haya matatu na kuonyesha yanavyohusiana, nayo ni mchoro wa pampu, ambao mtengenezaji huutoa pamoja na kila pampu, na ambao mara nyingi hubaki ndani ya sanduku bila kusomwa.

Kata ya Kitandililo imo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Nchi ya huko ni ya vilima vya mviringo na mabonde. Aghalabu nyumba huwa migongoni mwa vilima na maji huwa chini. Mahali penye chemchemi iliyo juu ya kijiji, maji huteremka yenyewe katika mabomba, na hapo hapana haja ya mashine. Lakini chemchemi ikiwa chini ya nyumba, hapana njia ila kuyasukuma maji mpaka tangi lililo juu ya kilima, kisha kuyaacha yateremke kwa watu. Wakala wa serikali wa kusimamia maji ya vijijini, RUWASA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na uendeshaji wa kila siku umo mikononi mwa vyombo vya watumia maji vya wanavijiji wenyewe. Ni wao walipao umeme, na ni wao wanaobaki bila maji pampu inapovunjika; kwa hiyo mchoro wa pampu ni jambo lao kabla ya kuwa jambo la wahandisi.

Mfano utakaofuatwa hapa umetungwa kwa ajili ya maelezo, wala hauhusu mradi wowote uliopo. Ila vipimo vyake ni vya aina ionekanayo katika nchi kama hiyo. Kijiji chahitaji mita za ujazo 400 kwa siku. Tangi limejengwa juu ya kilima, na mdomo wa bomba liingialo tangini u mita 36 juu ya uso wa maji katika kisima cha kuvutia kilichojengwa bondeni. Bomba lina urefu wa mita 950 na upana wa ndani wa milimita 110. Pampu ni ya mzunguko, yaani ile ambayo ndani yake mna gurudumu lenye mapanga, liitwalo na mafundi impela, nalo huzungushwa na mota mara 2,900 kwa dakika. Maji huingia katikati ya impela, hushikwa na mapanga, hutupwa ukingoni kwa kasi, kisha kasi hiyo hugeuzwa kuwa msukumo ndani ya ganda lililoviringwa kama konokono.

Umbo la mapanga ndilo siri ya chombo hiki. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, Mwingereza John Appold alionyesha pampu yenye mapanga yaliyopinda, na ilipojaribiwa ilirudisha katika maji yapata asilimia 68 ya kazi iliyotiwa, hali pampu yenye mapanga yaliyonyoka haikufikia hata nusu ya hapo. Sababu yake ndiyo sababu ya makala haya yote. Panga lililopinda hukatwa kwa pembe fulani, na maji huliingia bila kugongana nalo pale tu yanapokuja kwa kasi moja maalumu. Yakija polepole kuliko hivyo, au upesi kuliko hivyo, huligonga panga kwa upande, huvurugika, na kazi iliyotiwa hugeuka kuwa joto, kelele na mtikisiko. Basi kila pampu ina kiasi kimoja cha maji ambacho ilichongewa. Kiasi hicho ndicho mchoro unachokionyesha, na hapa kitaitwa kilele cha ufanisi.

Mchoro huo una mstari wa chini ulalao, ulioandikwa kiasi cha maji kwa saa, na mstari wa kusimama ulioandikwa kimo kwa mita. Juu yake hupita mistari mitatu iliyopinda. Wa kwanza ni mstari wa kimo, nao huanza juu kushoto na kuteremka kuelekea kulia, kwa maana pampu ikitakiwa kupandisha maji juu sana hutoa machache, na ikitakiwa kuyapandisha kidogo hutoa mengi. Wa pili ni mstari wa ufanisi, wenye umbo la kilima: huanzia sifuri, hupanda, hufika kileleni, kisha huteremka. Wa tatu ni mstari wa nguvu inayoingia katika shafti, nao katika pampu za namna hii hupanda kuelekea kulia. Watengenezaji wengine hawachori kilima cha ufanisi peke yake; huchora mistari kadha ya kimo, mmoja kwa kila upana wa impela, na juu yake huviringisha mistari ya ufanisi kama ile ionyeshayo vilima katika ramani. Asomaye ramani ya nchi ya Njombe hatapata shida kuisoma: mviringo wa ndani kabisa ndio mlima wenyewe.

Kwa pampu ya mfano, yenye impela ya milimita 240, mchoro wasema hivi:

| Maji kwa saa (mita za ujazo) | Kimo (mita) | Ufanisi (asilimia) | Nguvu ya shafti (kilowati) |
|---|---|---|---|
| 20 | 74 | 48 | 8.4 |
| 30 | 69 | 60 | 9.4 |
| 40 | 62 | 64 | 10.6 |
| 50 | 53 | 60 | 12.0 |
| 60 | 42 | 48 | 14.3 |

Kukitafuta kilele si kazi ngumu. Msomaji hutafuta mahali mstari wa ufanisi ulipo juu kabisa, hapa ni asilimia 64. Huteremka wima mpaka mstari wa chini na kukuta mita za ujazo 40. Kisha hupanda wima mpaka mstari wa kimo na kukuta mita 62. Pampu hii basi ilichongwa kutoa mita za ujazo 40 kwa saa kwa kimo cha mita 62. Safu ya nguvu yaweza kuhakikishwa kwa hesabu, na mtu aliye na mchoro usio na mstari wa nguvu hupata jibu lile lile kwa kanuni hii, ambamo Q ni maji kwa saa, H ni kimo, na ufanisi umeandikwa kama sehemu ya moja:

P = Q × H / (367 × ufanisi)

Ukiweka 40, 62 na 0.64, jibu ni kilowati 10.6. Kwa sababu hiyo muuzaji aliifunga pampu hii mota ya kilowati 11, wala hakukosea, mradi pampu ikae pale kileleni.

Lakini pampu haikai inapotaka. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu hudhani kuwa kilichoandikwa katika kibandiko cha pampu ndicho itakachotoa. Pampu hutoa kile ambacho njia ya maji inakiruhusu. Njia nayo ina mstari wake, ambao mtengenezaji hawezi kuuchora, kwa kuwa hajui kilima wala bomba. Mstari huo huanzia kimo cha kilima, hapa mita 36, ambacho hakibadiliki maji yakiwa mengi au machache. Juu yake huongezwa msuguano wa maji ndani ya bomba, ambao hukua kwa mraba wa kiasi chake. Katika bomba la mfano, mita za ujazo 40 kwa saa huleta msuguano wa mita 11, na mita za ujazo 50 huleta mita 17. Kwa hiyo njia hii yadai mita 47 ili ipitishe 40, na mita 53 ili ipitishe 50. Mistari miwili ikichorwa katika karatasi moja, wa pampu ukiteremka na wa njia ukipanda, hukatana mahali pamoja tu, na pampu haina hiari ila kufanya kazi hapo. Katika mfano huu hukatana penye 50, si penye 40.

Mita kumi na tano za ziada, kutoka 47 zilizohitajiwa mpaka 62 zilizonunuliwa, hazikutoka hewani. Mpimaji aliongeza chache juu ya kimo cha kilima kwa kuhofia kukosea. Mhandisi akahesabu msuguano wa bomba kuukuu na chakavu, ingawa bomba ni jipya. Muuzaji akachagua pampu iliyo kubwa kuliko ile iliyotajwa, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo ghalani. Kila mmoja alitia akiba bila kujua kuwa mwenziwe amekwisha itia. Akiba juu ya akiba ni desturi ya kazi hii ulimwenguni kote, na aghalabu haionekani kuwa kosa, kwa sababu siku ya uzinduzi maji hutoka mengi kuliko yaliyoahidiwa, na watu hufurahi.

Dalili huja baadaye kidogo. Kwanza ni mota. Penye 50 shafti yataka kilowati 12.0, na mota iliyofungwa ni ya 11. Tena mota za kawaida hupimwa kwa matumizi ya mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, haiipoozi mota vizuri, na hata hizo 11 hazipaswi kudaiwa zote. Kinga ya umeme hukata. Mwendeshaji huiwasha tena, nayo hukata tena. Na mwishowe mtu mmoja huiongeza kadiri ya kinga ili isikate, jambo ambalo huwaondolea watu kero kwa majuma kadha na kisha huunguza nyaya za mota. Ajabu iliyopo ni kwamba mwendeshaji, akitaka kuipumzisha pampu, huifungua valvu mpaka mwisho, akifikiri kuwa maji yakipita kwa urahisi pampu nayo hufanya kazi kwa urahisi. Fikira hiyo ni sawa kwa pampu ya mkono. Kwa pampu ya mzunguko ni kinyume, na safu ya mwisho ya mchoro yaonyesha wazi: kadiri maji yanavyozidi, ndivyo shafti inavyodai zaidi.

Dalili ya pili ni sauti, nayo yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa hapa mahali penyewe pana neno la kusema. Katika mchoro kuna mstari wa nne, mdogo, ambao mara nyingi huchorwa chini peke yake. Huo huonyesha ni kimo gani cha msukumo ambacho pampu hukihitaji mlangoni pake ili maji yasichemke yanapoingia katika impela. Maji kuchemka bila moto si jambo la ajabu: msukumo ukipungua vya kutosha, hata maji baridi hutoa mvuke. Viputo vya mvuke huo huzaliwa penye mwanzo wa mapanga, huchukuliwa mbele mpaka mahali penye msukumo mkubwa, na hapo hupasuka kwa kuingia ndani, kila kimoja kikilipiga chuma kama ncha ya nyundo ndogo. Masikioni ni sauti ya changarawe zinazosagwa. Mwendeshaji huapa kuwa mawe yameingia, hufungua pampu, na hukuta hamna jiwe, ila mapanga yaliyoliwa kama mbao iliyoliwa na mchwa. Wahandisi huiita hali hiyo kavitesheni.

Tuseme kuwa kwa pampu hii mstari mdogo wadai mita 3.0 penye maji 40, na mita 4.6 penye maji 50. Je, kisima chatoa ngapi? Kinachoyasukuma maji kuingia katika pampu iliyo juu ya kisima si pampu yenyewe; ni uzito wa hewa iliyo juu ya uso wa maji. Pwani uzito huo hutosha kuisimamisha safu ya maji ya mita 10.3. Mahali penye mita 1,700 juu ya bahari, ambacho ni kimo kisicho mbali na cha nyanda za Makambako, hutosha mita 8.4 tu. Kutoka hizo hutolewa mita 0.2 za mvuke wa maji baridi ya huko, mita 3 ambazo pampu imewekwa juu ya uso wa maji, na msuguano wa bomba la kuvutia, ambao ni mita 0.5 penye 40 na 0.8 penye 50. Kinachobaki ni mita 4.7 penye 40, na hapo pampu ina nafasi ya kutosha juu ya 3.0 inazodai. Penye 50 hubaki 4.4, nayo yadai 4.6. Inachemsha.

Pampu hiyo hiyo, kwa bomba hilo hilo, ikifungwa Dar es Salaam, ambako hewa ni nzito ingawa maji ni ya moto zaidi, ingebakiwa na mita 6.1 na isingetoa sauti yoyote. Fundi aliyejifunza kazi pwani na kupanda Njombe huweza kufanya kila jambo kama alivyozoea na kuiharibu pampu kwa mwaka mmoja, wala asijue kosa li wapi. Vitabu vya watengenezaji aghalabu huhesabu hewa ya usawa wa bahari. Kuipunguza ni juu ya msomaji.

Upande wa kushoto wa kilele una madhara yake, na ni mabaya zaidi kwa kuwa ni ya kimya. Na ichukuliwe kwamba mwendeshaji, baada ya kuchoshwa na kelele na kinga inayokata, amegundua kuwa akiibana valvu sana kelele hukoma na umeme katika geji hushuka. Huibana mpaka zitoke mita za ujazo 15 kwa saa, na huiacha pampu ifanye kazi mchana na usiku. Mchoro wasema kuwa penye 15 kimo ni yapata mita 76 na ufanisi ni asilimia 39, na shafti yala kilowati 7.9. Kweli ni pungufu kuliko 12. Lakini kila mita ya ujazo sasa hugharimu yapata uniti 0.53 za umeme, hali penye 50 iligharimu 0.24. Tena mita za ujazo 400 zataka saa 27 kwa mwendo huo, na siku haina saa hizo.

Umeme si hasara kubwa kuliko zote. Ndani ya ganda la konokono, msukumo wa maji huizunguka impela sawasawa pale pampu inapofanya kazi karibu na kilele. Mbali na kilele, msukumo huwa mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, na impela husukumwa kando. Msukumo huo haugeuki upande, lakini shafti yageuka. Kwa hiyo kila sehemu ya shafti huvutwa na kubanwa mara moja katika kila mzunguko, kama mtu akunjaye waya huku na huku ili aukate. Mara 2,900 kwa dakika ni zaidi ya mara milioni moja na laki saba kwa saa kumi. Kwanza hushindwa sili, ambayo haiwezi kuziba shafti inayopepesuka, na tone la maji huonekana chini ya pampu. Maji hayo huingia katika beringi. Sili hubadilishwa, nayo huharibika tena baada ya miezi michache, beringi hubadilishwa, na mwisho shafti hukatika nyuma ya impela. Sili inayokufa mara kwa mara, hali shafti imenyoka na imefungwa vizuri, ni ushahidi kuwa pampu yafanya kazi mbali na kilele chake, na kununua sili ya bei kubwa hakuuondoi ushahidi huo.

Valvu ikifungwa kabisa, maji yaliyomo ndani huzungushwa tu na hupata moto. Pampu hii, ikila yapata kilowati 6.5 bila kutoa tone, na ikiwa na lita 6 tumboni, huyapasha moto kiasi cha nyuzi 15 kwa dakika. Na kwa kimo cha nyanda hizo maji huchemka penye nyuzi 94 hivi, si 100. Dakika tano zatosha.

Ni mbali kiasi gani ndiko mbali? Taasisi ya watengenezaji pampu ya Marekani, katika kanuni zake, hupendekeza pampu nyingi za mzunguko zikae baina ya asilimia 70 na 120 ya kiasi cha kilele. Kwa pampu ya mfano hiyo ni baina ya 28 na 48. Ile 50 imevuka kidogo, na ile 15 imetoka kabisa. Mipaka hii si ukuta. Ni kama kingo za barabara ya vumbi, ambapo gurudumu huanza kuteleza kabla gari halijaanguka. Na kama ilivyoonekana, hewa nyepesi ya nyanda za juu yaweza kuusogeza ukingo wa kulia karibu zaidi kuliko kanuni inavyosema.

Dawa ya kwanza, na ya haraka, ni kuibana valvu ya kutolea mpaka zitoke 40, na kuiacha hapo ikiwa imetiwa alama. Sauti hukoma, mota hupumua kwa 10.6, na pampu hukaa kileleni. Hasara yake ni kwamba zile mita 15 za ziada hutengenezwa kwa umeme na kuuawa ndani ya valvu. Kwa mita za ujazo 400 shafti hula uniti 106 kwa siku, na hapa pana jambo la kushangaza kidogo: ikiachwa wazi penye 50 ingekula 96 tu. Yaani valvu huiokoa pampu kwa gharama ya umeme. Asiyepima huona moja tu ya mambo hayo mawili, na mabishano baina ya fundi na mtunza hazina wa kijiji aghalabu hutoka hapo, kila mmoja akiwa na haki yake.

Dawa ya pili huwaridhisha wote wawili. Impela hutolewa, huwekwa katika mashine ya kukerezea, na hupunguzwa upana. Kwa kukadiria, maji hupungua kama upana unavyopungua, na kimo hupungua kama mraba wake. Inatafutwa nukta katika mstari wa zamani ambayo, ikipunguzwa kwa namna hiyo, itaangukia penye 40 na mita 47. Hesabu huikuta penye 44.5 na mita 58, na uwiano ni tisa kwa kumi. Impela ya 240 basi ingekuwa 216. Kwa kuwa impela iliyokatwa hushuka kuliko hesabu inavyosema, mkerezaji mwenye busara husimama kwanza penye 220, hupima, kisha hukata zaidi ikihitajika. Chuma kilichokatwa hakirudishwi. Ufanisi hupungua kwa asilimia mbili au tatu, lakini shafti sasa hudai kilowati 8.4 tu, na siku nzima hula uniti 84. Kilele chenyewe kimesogea mpaka 36, na 40 iko ndani ya mipaka. Penye umeme wa kutosha na mtu wa kukitunza, kifaa cha kupunguza mwendo wa mota hufanya kazi ile ile bila kukata chuma. Dawa isiyofaa ni ile itolewayo mara nyingi, yaani kununua mota kubwa zaidi: kinga haitakata tena, na viputo vitaendelea kula mapanga kwa amani.

Yote haya yategemea kupima, na vipimo ni vitatu: geji ya msukumo mlangoni pa kutolea, geji ya mvuto mlangoni pa kuingilia, na mita ya maji. Asiye na mita hufunga bomba la kushuka kijijini na kuhesabu dakika ambazo uso wa maji tangini hupanda nusu mita. Katika mfano huu, geji ya kutolea, ikisomwa kwa mita za maji, huonyesha yapata 49, na ya mvuto huonyesha upungufu wa yapata 4. Jumla ni 53, na mita ya maji husema 50. Nukta hiyo hutiwa katika mchoro. Ikiangukia juu ya mstari wa kimo, pampu ni nzima, ila imewekwa mahali pasipo pake, na hapana haja ya kuifungua. Ikiangukia chini ya mstari, pampu ni mgonjwa: ringi za impela zimelika na maji hurudi ndani kwa ndani, au uchafu umeziba mapanga, au nyaya mbili za umeme zimebadilishana na impela yazunguka kinyume. Mchoro wenyewe ulipimwa kwa pampu mpya, kwa maji safi, katika chumba cha majaribio, na kanuni ya kimataifa ya upimaji, ISO 9906, huruhusu tofauti ya asilimia chache. Basi nukta iliyo chini kwa mita moja si ugonjwa.

Mwenye shaka baina ya hali hizo mbili anayo njia moja ya mwisho. Huifunga valvu ya kutolea polepole mpaka mwisho, pampu ikizunguka, na kusoma geji kwa muda usiozidi nusu dakika, kisha huifungua mara. Mstari wa kimo wa pampu hii, ukiendelezwa kushoto mpaka penye maji sifuri, hufika mita 78. Zikitolewa mita 3 za mvuto, geji ya kutolea yapaswa kusimama penye 75. Ikisimama penye 74 au 75, impela ni ile ya 240 na inazunguka upande wake. Ikisimama penye 60, aliyeandika kibandiko na aliyefunga impela hawakuwa na habari moja.